Muziki wa chini kwenye video ya harusi: ruhusa ya nani hasa?

Video ya harusi ikipandishwa YouTube Jumatatu, jibu la mashine mara nyingi hufika kabla bi harusi hajaitazama. Kwenye orodha ya video, safu ya Restrictions, linatokea neno Copyright. Baada ya siku mbili familia inapiga simu kuuliza mbona shangazi aliye Ujerumani anaambiwa video haipatikani nchini kwake, wakati Dar es Salaam inaonekana vizuri. Sisi tunaofanya kazi hii tumejifunza mengi kuhusu hakimiliki kwa njia hiyo, kazi ikiwa imeshakabidhiwa na fedha imeshalipwa. Mengi ya yaliyo hapa chini yangeweza kufanyika kabla ya video kupandishwa.

Jambo la kwanza kulielewa, na ndilo linaloangusha wengi, ni kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili, na kila haki inaweza kuwa na mwenyewe. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi. Huu ni wa mtunzi, au wa yule aliyeuziwa na mtunzi. Kisha kuna rekodi yenyewe, ile tunayoiita masta, sauti iliyotoka studio siku ile. Masta kwa kawaida ni ya aliyegharamia kurekodi: lebo, prodyuza, meneja, au msanii mwenyewe kama alijilipia. Ukiweka wimbo chini ya picha za harusi unazigusa haki zote mbili kwa pamoja. Unaoanisha utunzi na picha, na unanakili masta. Ruhusa ya mmoja haizibi nafasi ya mwingine.

Tanzania haki hizi zinasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi yake ni COSOTA. Ulinzi unaanza kazi inapoumbwa. Msanii hahitaji kusajili ndipo awe na haki. Kwa hiyo hoja ya kwamba wimbo fulani haukusajiliwa haimsaidii mtu yeyote. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya nayo inahesabu hiyo 50. Ulaya wanahesabu 70, na video ya mtandaoni inatazamwa huko pia, hivyo anayetaka usalama ahesabu 70.

Mtu akisema wimbo ameununua, muulize amenunua nini. Malipo ya kupakua wimbo, au ya kila mwezi kwenye programu ya muziki, yanampa haki ya kusikiliza. Kibali ambacho ukumbi unalipia ili dijei apige muziki mbele ya watu ni cha kupiga muziki hadharani, na kinaishia ukumbini. Hakuna kati ya hivyo kinachogusa kuoanisha wimbo na picha na kuipandisha mtandaoni. Dijei naye hana cha kukupa hata akikuambia tumia tu, maana nyimbo anazopiga si zake.

Halafu kuna yale mazoea tunayorithishana. La sekunde 30 ndilo sugu zaidi. Hakuna sheria inayosema sekunde 30, au 15, au 7 ni bure. Linadumu kwa sababu wakati mwingine linaonekana kufanya kazi: kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaolinganisha sauti, mwenye haki anaweza kupanga kwamba mashine ishughulike na video inayotumia kuanzia urefu fulani wa wimbo wake. Klipu ya sekunde 20 ikipita leo, imepita kwa mpangilio wa mwenye wimbo huo, na kesho anaweza kuubadilisha. Kuandika "sidai haki ya wimbo huu" kwenye maelezo hakuzuii chochote. Mashine inasikiliza sauti, haisomi maelezo, na mbele ya sheria ni kama umekiri kwamba ulijua wimbo si wako. Kupandisha sauti nusu noti au kuongeza kasi kidogo kunaharibu wimbo na bado mara nyingi unatambuliwa. Hata kuuimba upya na bendi yako kunaondoa tatizo la masta tu. Utunzi unabaki wa mwenyewe, na Content ID inaweza kutambua melodi pia.

Sasa chukua video moja ya kawaida, ya dakika 14, yenye muziki sehemu tatu. Kanisani, bi harusi anapoingia, mpiga kinanda anapiga machi ya harusi. Ukumbini, maharusi wanaingia na wimbo wa bongofleva wanaoupenda. Mwishoni, chini ya hotuba za wazazi, panahitajika ala tulivu. Kila sehemu ina njia yake.

Tuanze na bongofleva, kwa sababu ndipo penye kazi. Wimbo wa msanii mkubwa aliye chini ya lebo kubwa, kwa bajeti ya harusi, uweke pembeni mapema. Waeleze maharusi waziwazi kwamba watauingilia ukumbini bila shida, ila kwenye video ya mtandaoni sehemu hiyo itakuwa na muziki mwingine. Ukiwaambia kabla wanaelewa. Ukiwaambia baada ya kukabidhi wanaona umewaharibia. Lakini msanii anayechipukia, au kwaya ya mtaani kwenu, anafikika kwa simu, na wengi wanakubali kwa malipo madogo au kwa kutajwa jina. Tatizo ni kwamba tunamuuliza swali moja tu, "unaturuhusu?", anajibu "hakuna shida kaka", nasi tunaondoka na neno la mdomo.

Maswali ya kumuuliza ni manne. Nani alitunga maneno na melodi, na walikuwa wangapi? Nani alilipia studio, na je, prodyuza anadai sehemu ya masta? Biti ilitengenezwa kwa ajili ya wimbo huu, au ilinunuliwa mtandaoni? Na wimbo umesambazwa kupitia msambazaji gani, na je, Content ID imewashwa?

Swali la biti linaonekana dogo lakini limezamisha video nyingi. Biti nyingi za mtandaoni zinauzwa kwa leseni isiyo ya mtu mmoja, yaani biti ileile wanauziwa wasanii 50 wa nchi tofauti. Mmoja wao akisajili wimbo wake Content ID, kinyume na masharti ya biti hiyo, mashine inaanza kuidai sauti ile popote inapoisikia. Video yako inadaiwa na msanii wa bara jingine usiyewahi kumsikia, na msanii wako, aliyekupa ruhusa kwa moyo safi, anashangaa pamoja nawe. Dalili yake ni rahisi kuiona: jina la wimbo kwenye dai si la wimbo uliotumia, na kipande kinachodaiwa mara nyingi ni utangulizi au sehemu isiyo na sauti ya mwimbaji. Wimbo wenye biti ya namna hiyo, hata uwe mtamu vipi, tunauacha.

Kwa kwaya, swali la nani alitunga hujibiwa haraka kuwa ni mwalimu wa kwaya, lakini la nani alilipia studio linaweza kuleta majibu matatu: kwaya, kanisa, au mfadhili aliyechukua masta ili auze. Mwenyekiti wa kwaya hana uwezo wa kutoa kisichokuwa cha kwaya. Omba sahihi mbili, ya mtunzi na ya mwenye masta.

Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Hii hapa inatosha kwa kazi ya harusi, ukijaza majina:

"Mimi, mtunzi na mmiliki wa rekodi ya wimbo uliotajwa hapo juu, ninamruhusu mtengenezaji wa video kuuoanisha wimbo huu na picha za harusi iliyotajwa, kwa urefu usiozidi dakika 2 na sekunde 30, na kuionyesha video hiyo kwenye YouTube, Facebook, Instagram na TikTok, duniani kote, bila kikomo cha muda. Maharusi nao wanaruhusiwa kuipandisha video hiyo kwenye kurasa zao. Video inaruhusiwa kuingiza fedha za matangazo. Nitaomba dai lolote la Content ID litakalotokana na wimbo huu kwenye video hii liondolewe ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa. Malipo ni kiasi kilichoandikwa hapa, nami nimekipokea."

Kila sentensi imewekwa kwa sababu. "Duniani kote" ni kwa ajili ya yule shangazi wa Ujerumani. Sentensi ya maharusi ipo kwa sababu ruhusa uliyopewa wewe haiendi kwao yenyewe, na wao ndio watakaoisambaza zaidi yako. Ile ya matangazo inazuia ugomvi siku video ikipata watazamaji wengi. Na ya Content ID ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mashine haijui mliongea nini. Msanii alipopeleka wimbo kwa msambazaji wa kidijitali alijaza fomu, na kama Content ID iliwashwa, kila video yenye wimbo huo inadaiwa, pamoja na yako yenye karatasi. Anayeweza kulitoa dai ni msambazaji, kwa maombi ya msanii. Baadhi ya wasambazaji wanaweza kuiweka chaneli yako kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, isidaiwe tangu mwanzo. Mwombe msanii aulize hilo kabla hujapandisha. Akisema nenosiri la akaunti analo meneja waliyegombana, unajua mapema kwamba hakuna atakayelitoa dai hilo kwa haraka.

Turudi kanisani. Machi za harusi tunazozisikia sana ni mbili: ya Mendelssohn, aliyefariki 1847, na ya Wagner, aliyefariki 1883. Kama utunzi, zote ziko huru popote. Lakini rekodi ya okestra iliyofanywa miaka ya karibuni ina ulinzi wake, kwa hiyo kuchukua faili ya machi mtandaoni na kuibandika juu ya picha si salama, ingawa mtunzi amekufa zamani. Kinachofaa ni sauti ya yule mpiga kinanda wa kanisani, uliyoirekodi mwenyewe siku hiyo. Naye ni mtumbuizaji mwenye haki zake, kwa hiyo mwombe aandike mistari miwili ya ruhusa. Ujumbe wa WhatsApp ukiuhifadhi kwa picha ya skrini unafaa. Angalia jambo moja: kama kinanda kilikuwa kinacheza faili iliyopangwa na mtu mwingine, huyo uliyemrekodi hakupiga, alibonyeza tu, na mpangilio ule una mwenyewe.

Na hata ukiwa umefanya yote sawasawa, video hii inaweza kudaiwa hapohapo kanisani. Mashine inalinganisha sauti na rekodi zilizosajiliwa, na noti za Mendelssohn ni zilezile kwa kila anayezipiga, hivyo kinanda cha parokia kinafananishwa na rekodi ya lebo fulani ya muziki wa kale. Hapa ndipo pa kupinga dai bila woga, kwa hatua hizi.

Fungua YouTube Studio, ingia Content, kwenye safu ya Restrictions bonyeza neno Copyright kisha See details. Sikiliza kipande kinachodaiwa, tuseme 01:12 hadi 02:05, uhakikishe ni kinanda hicho na si kitu kingine kilichopita nyuma. Chagua Dispute na utoe sababu. Kwenye maelezo usilalamike wala usisimulie maisha. Sema utunzi ni wa Mendelssohn aliyefariki 1847, upigaji ni wa mpiga kinanda aliyeko kwenye picha, ulirekodiwa kanisani tarehe fulani na kamera yako, na ruhusa yake unayo. Anayedai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linaisha lenyewe. Kama chaneli yako inaingiza fedha, pinga ndani ya siku 5 tangu dai liwekwe, ili mapato ya siku zote hizo yashikiliwe mpaka mwisho badala ya kwenda kwa anayedai.

Akikataa, unaweza kukata rufaa, naye ana siku 7. Hapa simama ufikiri. Rufaa ikifika mbele yake ana uwezo wa kuomba video iondolewe kabisa, na hapo chaneli yako inapata onyo rasmi. Maonyo 3 ndani ya siku 90, chaneli inafungwa pamoja na kazi zote zilizomo. Dai la kawaida la Content ID halina hatari hiyo. Linaweza kuzuia video, kuchukua mapato yake au kuhesabu watazamaji tu. Kwa hiyo tofautisha mambo haya mawili kwanza, uone ni lipi limekufikia. Kwa machi ya kinanda chako, endelea na rufaa, una haki. Kwa wimbo wa bongofleva uliouweka bila karatasi, usipinge hata hatua ya kwanza. Utakuwa unathibitisha jambo unalojua si kweli, na mwenye wimbo ana ushahidi wote.

Sehemu ya tatu, ala chini ya hotuba, ndiyo rahisi. Ndani ya YouTube Studio kuna Audio Library. Chuja kwa Attribution not required na hutakiwi hata kumtaja mtu. Nje ya hapo kuna muziki wa Creative Commons, ambao wengi wanauita wa bure bila kusoma herufi zake. BY peke yake inakutaka utaje tu, tumia. Yenye NC inakataza matumizi ya kibiashara, na harusi uliyolipwa kuipiga ni biashara, hata kama video haina matangazo. Yenye ND inakataza kugeuza kazi, na kwa masharti ya Creative Commons kuoanisha muziki na picha kunahesabiwa kuwa kuugeuza, hivyo haifai kwa video yoyote. Yenye SA inakulazimu kuiachia video nzima kwa leseni hiyohiyo, yaani mtu yeyote aruhusiwe kuichukua na kuitumia harusi ya watu. Familia gani itakubali? Kutaja kunakaa kwenye maelezo ya video, hivi:

```
Muziki: "JINA LA WIMBO" - JINA LA MSANII
Chanzo: KIUNGO CHA UKURASA ULIKOPAKUA
Leseni: CC BY 4.0
https://creativecommons.org/licenses/by/4.0/
Mabadiliko: umefupishwa
```

Siku unayopakua, piga picha ya skrini ya ukurasa ule ukionyesha leseni na tarehe. Wasanii hubadilisha masharti au hufuta ukurasa, na miaka miwili baadaye hiyo picha ndiyo ushahidi pekee ulio nao.

Limebaki lile ambalo karatasi haiwezi kulimaliza: muziki wa dijei unaoingia kwenye maiki ya kamera. Baba anatoa hotuba, nyuma yake spika inapiga wimbo maarufu kwa sauti ya chini, na mashine inausikia vizuri kuliko wewe. Ukishachanganyika na sauti ya baba hautoki bila kuiumiza. Dawa iko ukumbini, kabla ya wageni kuketi. Nenda kwa fundi sauti umwombe mkondo wa pembeni kutoka kwenye miksa, wenye maiki za mshereheshaji na za hotuba peke yake, bila njia ya dijei. Miksa nyingi zina tundu zilizoandikwa AUX, na fundi anaweza kupandisha maiki tu kwenye tundu hilo. Usichukue ule mkondo mkuu, kwa sababu huo una kila kitu. Unganisha kirekodi chako, jaribu kwa dakika moja dijei akiwa anapiga, na sikiliza kwa hedifoni: ukisikia muziki kwa mbali ni ule unaoingia kwenye maiki yenyewe hewani, ukisikia wazi fundi amesahau njia ya dijei iko juu. Mzungumzaji akiishika maiki karibu na mdomo, ule wa mbali hupungua sana. Wakati wa kuhariri, zima sauti ya kamera kwenye hotuba zote na uweke hii.

Kwenye kucheza hakuna hotuba ya kuokoa. Ondoa sauti yote ya kamera, weka ala yenye mapigo yanayokaribiana na yale yaliyokuwa yakipigwa, na uchague picha za mbali na za miguu; midomo ya watu wanaoimba pamoja na wimbo usiosikika inaonekana vibaya. Vigelegele virekodi peke yake kanisani nje, ambapo hakuna muziki, uvitandaze juu ya ala. Sekunde 20 za vigelegele safi zinatosha video nzima.

Ukimaliza, pandisha kwanza bila kuitangaza, ikiwa Private, na usubiri hatua ya Checks imalize. Kama kuna dai litatokea hapo mara nyingi, ukiwa bado una nafasi ya kubadilisha. Mara nyingi, si mara zote: wimbo ukisajiliwa Content ID mwezi ujao, video yako ya leo nayo itapitiwa. Ndiyo maana karatasi zikae kwenye folda moja na faili ya video, kwa jina la harusi na tarehe. Dai likitokea baadaye kwenye kipande kimoja, YouTube Studio inakuruhusu kukikata, kubadilisha wimbo au kuuondoa bila kupoteza kiungo wala hesabu ya watazamaji, hivyo usikimbilie kufuta video.

TikTok na Instagram zina maktaba zao za nyimbo, na hapo ndipo wapiga video wengi wanajichanganya. Nyimbo maarufu mle zimeruhusiwa zaidi kwa mtu binafsi. Akaunti ya biashara ya TikTok inapewa maktaba ya kibiashara peke yake, na ukurasa wa kampuni yako ya video ni wa biashara hata ukiuandikisha kama wa mtu. Tena, ruhusa ya maktaba hizo inaishia ndani ya programu hiyo. Ukihifadhi klipu ya TikTok yenye wimbo wake kisha ukaipandisha YouTube, umetoka nje ya ruhusa.

Kwenye mkataba na maharusi, ongeza kifungu kimoja kabla hawajalipa nusu ya kwanza: kwamba watapewa nakala mbili. Moja ina sauti halisi ya ukumbi, nyimbo zote zikiwemo, kwenye flashi, ya kutazama nyumbani na familia. Ya pili ndiyo ya mtandaoni, yenye muziki wenye karatasi. Iandike jina la faili iwe wazi kabisa, `HARUSI_MTANDAONI.mp4` na `HARUSI_NYUMBANI.mp4`, kwa sababu binamu ndiye atakayetumwa kuipandisha, na atachukua faili ya kwanza atakayoiona.